Wateja wanagonga mlango wa mkeo, wewe unatafuta bodaboda

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi kiwandani kwa shifti: siku mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, halafu off mbili. Mshahara hautoshi, nataka kuongeza kipato, ila mke wangu hanisapoti. Mwaka jana nilileta vifaranga 100 wa nyama, nikiwa shifti ya usiku akawaacha wakafa zaidi ya nusu. Sasa nataka bodaboda niendeshe mwenyewe nikiwa sipo kazini, au nifungue uwakala wa pesa za simu. Nimemwomba hela yake ya kikoba, amekataa katakata. Yeye na cherehani yake tu hadi usiku, sare za shule zimejaa sebuleni, wateja wanagonga mlango tangu alfajiri, hata usingizi wa mchana sipati. Nifanyeje na mwanamke asiye na maono?*
*Baba Watoto, Gongo la Mboto*

Marahaba mwanangu. Pole na shifti. Kulala mchana chini ya bati la Dar si mchezo. Pole yangu imeishia hapo.

Tuanze na vifaranga, maana naona ndiyo kesi uliyomfungulia mwenzio. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipa joto. Wiki mbili za mwanzo, tatu kama ni kipindi cha baridi, anataka joto la jiko au taa usiku na mchana, na mtu wa kuamka kulikagua. Mkaa ukififia saa 9 usiku, vifaranga wanajazana kona moja kutafutana joto, na wa chini wanakosa hewa wanakufa. Asubuhi unakuta rundo. Niambie basi, kwenye nyumba yako nani alipangiwa kuamka saa 9? Barua yako haisemi ulimwomba mkeo wala mlikaa mkapanga. Inasema "nilileta". Ulileta mradi unaomtaka mtu anayelala nyumbani kila siku, ukavaa buti ukaondoka, ukamwachia mama aliyekwisha kukesha kwenye cherehani. Vifaranga wale uliwaua wewe.

Sasa chukua kalamu uandike muda wako, kitu ambacho sidhani umewahi kufanya. Mzunguko wako ni wa siku 8, na wiki ina siku 7. Kwa hiyo off zako zinasogea: safari hii Jumatatu na Jumanne, safari ijayo Jumanne na Jumatano. Jumamosi na Jumapili kwa pamoja utazipata mara moja tu katika siku 56. Ukiwa shifti ya asubuhi unatoka saa 8 mchana, na kwa foleni ya Barabara ya Nyerere unafika nyumbani saa 10, ukiwa na masaa matatu hivi ya maana. Ukiwa shifti ya mchana unazo asubuhi, nazo ni kama hayo. Siku za usiku usihesabu kitu. Off ya kwanza unalipa deni la usingizi, labda jioni yake ikufae. Off ya pili ndiyo yako, nayo wanao wanaitaka. Jumla ni kama masaa 20, lakini ni vipande vipande, na hakuna mteja atakayeweza kukariri unapatikana lini.

Mwenye muda wa namna hiyo asianze kuuliza biashara gani inalipa. Ajiulize kwanza: nikiiacha katikati nikaenda kazini, itaharibika?

Uwakala unaharibika. Mtu mwenye shida ya kutoa elfu 20 hakusubiri utoke kiwandani. Akikuta umefunga mara mbili, ya tatu anapita moja kwa moja kwa jirani. Utamweka binti akukalie, na mshahara wake utakula kamisheni yote. Halafu mtaji wenyewe umegawanyika, nusu floti kwenye simu, nusu keshi kwenye droo. Siku ambayo kila mtu anatoa, keshi inaisha huku floti imejaa, na lazima mtu akimbilie benki au kwa wakala mkuu muda uleule. Huyo mtu atakuwa nani, na wewe uko kwenye mashine?

Bodaboda ndiyo imenikasirisha zaidi. Mtu aliyetoka shifti ya usiku saa 12 asubuhi, macho mekundu, apande pikipiki abebe mtoto wa mwenzake apite katikati ya daladala na malori? Ungesema unampa kijana kwa mkataba awe anakuletea hesabu, ningekusikiliza, maana huo unadai mtaji kuliko muda wako. Lakini umesema "niendeshe mwenyewe". Mkeo amekataa kukununulia jeneza, unamwita hana maono.

Na kabla ya yote, kiwanda hakina ovataimu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hicho ndicho kipimo chako. Kazi ya pembeni isiyokupa hata hapo, baada ya kutoa nauli na gharama, inakuchosha bure.

Sasa nirudi kwenye yale uliyoyaandika kwa hasira. Sare zimejaa sebuleni, wateja wanagonga mlango alfajiri. Mwanangu, watu wanazunguka mji mzima kutafuta wateja wa kuwagongea mlango! Wenzio wakiona hivyo wanashukuru Mungu, wewe unajifunika shuka.

Wale wanaogonga alfajiri wanadai sare zilizochelewa. Zimechelewa wapi? Nenda ukaangalie. Mara nyingi sare haikwami kwenye kuunga, mkono wa fundi pale unakwenda mbio. Inakwama mwishoni: ovaloki ya kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, upindo wa sketi, vifungo vya mashati, na yale marinda yanayotaka pasi moja baada ya jingine la sivyo yanafumuka. Kazi hizo ni za mtu mwenye nusu saa hapa na saa moja pale. Shati lenye vifungo vitatu unaliacha mezani, ukirudi kesho unaweka cha nne. Halifi, halidai joto saa 9 usiku. Na off yako ikiangukia Jumatano, wewe ndiye wa kwenda Kariakoo kununua vitambaa na zipu, ili mkeo asifunge cherehani siku nzima.

Usitegemee miujiza. Sare zina msimu, shule zikifunguliwa Januari ndipo kazi inafurika, na miezi mingine mtaishi na mapazia na vitenge vya sherehe. Lakini vifungo hujifunzi kwa mtaji.

Nitoke nje ya mada kidogo. Ndoa za siku hizi, mume ana mchongo wake, mke ana mchongo wake, kila mmoja na nywila ya simu yake, na wote wawili wanalia njaa chini ya paa moja. Mwanaume anaona aibu kushika sindano ya mkewe, haoni aibu kumwomba kikoba chake. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee, na hawakusema mkono huo ni wa mama.

Hiyo hela ya kikoba usiiombe tena. Muulize mkeo analipa shilingi ngapi kwa vazi kwa mwenye ovaloki. Kwa mfano ikiwa ni 500, na msimu anapeleka mavazi 40 kwa wiki, hiyo ni elfu 20 kila wiki inayokwenda kwa jirani. Mpigie hesabu hiyo miezi miwili ya msimu, muilinganishe na bei ya mashine ya ovaloki iliyotumika, halafu umwache yeye aamue, kwa kuwa hela ni yake. Na ukipangiwa vifungo, usiseme umechoka, mwenzio naye hajalala.