Mhimili Ulionikosesha Alama Katika Mradi wa Mikeka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amepiga picha ya mkeka, amechora juu yake mihimili ya ulinganifu kwa kalamu nyekundu, na sasa anataka kujua kama hiyo inatosha kuwa mradi wa hisabati. Nilisita kumjibu, kwa sababu miaka mingi iliyopita nilisimama mbele ya waamuzi nikiwa na picha kama hiyo na nikapata aibu ambayo bado naikumbuka vizuri.

Mkeka wangu ulikuwa wa msuko wa mbili-mbili: kila uzi hupita juu ya miwili na chini ya miwili, na kila mstari unaofuata husogea hatua moja. Nyuzi za wima zilikuwa nyeusi na za mlalo nyeupe, kwa hiyo palitokea michirizi ya mshazari. Nilitangaza kwa kujiamini kwamba mchirizi wowote una mihimili miwili, mmoja unaoukata na mwingine unaopita katikati yake kwa urefu. Mwamuzi mmoja akauliza, “Umejaribu kuukunja?” Sikuwa nimejaribu. Akanakili mchirizi kwenye karatasi nyembamba, akaigeuza juu ya mhimili wangu wa pili, na kingo hazikukutana. Mchirizi ule si ukanda ulionyooka. Kingo zake zina ngazi, na ngazi za upande mmoja hazitazamani na za upande wa pili.

Nilivunjika moyo, lakini kosa lilikuwa langu, na nililielewa siku nilipochora mkeka kwenye karatasi ya miraba. Mistari ya mlalo niliipa namba kuanzia 0, na safu za wima vivyo hivyo. Mraba ni mweusi ikiwa jumla ya namba ya mstari na namba ya safu, ikigawanywa kwa 4, inaacha baki la 0 au 1; vinginevyo ni mweupe. Sasa badilisha nafasi ya mstari na safu. Jumla haibadiliki, kwa hiyo rangi haibadiliki, na hapo umethibitisha kwamba mhimili unaoukata mchirizi ni wa kweli. Ukigeuza kwa kufuata urefu wa mchirizi, baki 0 na 1 huwa 0 na 3, au 2 na 1, kulingana na mahali ulipoweka mhimili, wala kamwe hazirudi kuwa 0 na 1. Hata hivyo ukiweka mhimili katikati kabisa ya mchirizi, ukaugeuza, kisha ukausukuma nusu ya ngazi kwa urefu wake, kila kitu hukaa sawa. Huo ni uakisi wa kuteleza, na ndio niliouita mhimili kwa ujinga wa siku ile.

Kuhusu kuujaza uso wa mkeka kwa kurudia kipande kimoja, wengi huchagua kipande cha miraba 4 kwa 4 na kukiita kigae cha mkeka. Kinajaza, ni kweli, lakini si kidogo kuliko vyote. Miraba minne ya mstari mmoja, miwili myeusi na miwili myeupe, inatosha, mradi kila mstari usogezwe hatua moja. Mwanafunzi anayesema “kigae kidogo kabisa” ni lazima aonyeshe kwamba hakuna kingine kidogo zaidi.

Kikapu kina sharti lake, maana ukanda wa ruwaza unazunguka na kujifunga. Ukiwa na nyuzi 42 za wima, ruwaza ya nyuzi nne inajirudia mara 10 na kubakiza nyuzi mbili, na penye kiungo utaona miraba minne myeusi imeshikana. Ongeza mbili, ziwe 44, na kasoro hiyo inatoweka. Ukanda wa kikapu ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwa sababu kuna aina 7 tu za ulinganifu wa ukanda, ilhali uso mzima una 17. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alionyesha kwamba vikoba vya sipatsi vya Inhambane vina aina zote hizo 7.

Mwaka huu mwanafunzi niliyemsaidia alisuka kipande chake mwenyewe kwa vipande vya karatasi ngumu, akaleta karatasi nyembamba ya kunakilia, na kila alipotaja mhimili aliigeuza mbele ya waamuzi. Walimsifu, nami nilijivunia kana kwamba sifa hiyo ni yangu. Kwa hiyo ndugu msomaji, weka kalamu nyekundu chini kwanza. Nakili, geuza, sogeza, kisha uandike kwa hesabu ya baki kwa nini rangi zilikutana au hazikukutana. Picha yako uibakize kwa ajili ya jalada la mradi.