Suruali inavuta nyuma, nimeongeza hipsi lakini wapi

"Wakuu, namshonea mteja mwenye makalio makubwa. Akikaa mkanda unashuka nyuma, na kuna mikunjo inatoka msambani inapanda kwenye makalio. Nimeongeza upana wa hipsi, bado ipo vilevile. Nakosea wapi?"

Mkuu, kinachopungua hapo ni urefu, siyo upana. Mkunjo uliokazika unaelekea pale kitambaa kilipopungukiwa. Uliolegea na kuning'inia unaonyesha kimezidi. Wako umekazika, na makalio yanauvuta mkanda chini kwa sababu mshono wa nyuma hautoshi kuyazunguka.

Nilipata mteja wa aina hiyo nikakimbilia kuchimba mzunguko wa msamba wa nyuma, sentimita 2 kwenda ndani. Urefu ukaongezeka, ndiyo, lakini kumbe nimekata upana wa hipsi. Ikambana kuliko mwanzo, na kitambaa cha kadeti kilichokwisha kukatwa hakirudi. Tangu siku ile najaribu kwanza kwa kitambaa cha marekani.

Mara ya pili nilimfunga lastiki kiunoni, nikapitisha futikamba kutoka lastiki mbele, katikati ya miguu, hadi lastiki nyuma: 76. Kwenye pateni nikapima juu ya mstari wa mshono, siyo ukingo wa karatasi, nikapata 71. Mbele palikuwa sawa, hakuna mkunjo wowote, kwa hiyo sentimita 5 zote zilikuwa za nyuma.

Sikuziweka mahali pamoja. Nilikata pateni ya nyuma kwenye mstari wa hipsi, kuanzia mshono wa katikati hadi karibu na mshono wa ubavuni bila kuuvuka, nikapanua katikati sentimita 3. Hiyo inaongeza urefu juu ya makalio, ubavu unabaki kama ulivyo. Sentimita 2 zilizobaki nikazirefusha kwenye ncha ya msamba, ile inayopita chini ya mwili, kisha nikachora upya mshono wa ndani wa mguu ukipungua taratibu hadi gotini. Ncha hiyo ikirefushwa, paja nalo linapata nafasi, kwa hiyo mwenye mapaja membamba usimpe nyingi, ongeza zaidi pale kwenye hipsi.

Pima tena mishono ya ndani ya mbele na nyuma. Ya nyuma ikiwa fupi kidogo, kama nusu sentimita, huvutwa wakati wa kushona. Ikizidi ya mbele, rekebisha kabla hujakata.

Na kitu ambacho wengi tunasahau: kwenye mzunguko wa msamba, punguza nafasi ya mshono ibaki sentimita 1 au chini. Ukiiacha pana inagoma kukunjika, na mikunjo itarudi wakati pateni yako ni sahihi kabisa.

Mteja akijaribu marekani mwambie akae kwenye kigoda, siyo asimame tu mbele ya kioo. Wangu alipokaa, mkanda ulitulia.