Maswali na majibu: Kuandika notsi kwenye mihadhara ya Kifaransa

Nimesoma Kifaransa Alliance mpaka B1, na karibuni naenda Bujumbura kusomea uchumi. Video za mihadhara naelewa, ila nikishika kalamu napotea. Tatizo nini? (Sinza)

Unaandika maneno mazima. Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa, kwa hiyo mkono unahangaika nazo wakati mhadhiri keshafika mbali. Wanafunzi waliozoea lugha hiyo hutumia vifupisho: bcp ni beaucoup, tjs ni toujours, pdt ni pendant, pcq ni parce que, gvt ni gouvernement, càd ni c'est-à-dire. Viishio navyo hukatwa: -tion inakuwa t°, -ment inakuwa mt.

Tuseme mhadhiri ametamka: « La population urbaine a beaucoup augmenté pendant la colonisation parce que le gouvernement avait besoin de main-d'œuvre. » Kwenye daftari inatosha hivi:

populat° urb. bcp ↗ pdt colonisat° pcq gvt besoin main-d'œuvre

La, le na vitenzi visaidizi vimeondoka, na maana imebaki. Usichoruhusiwa kuacha ni kikanushi. Katika mazungumzo ne humezwa mara nyingi, mtu akasema « c'est pas prouvé », hivyo pas ndiyo pekee inayobeba ukanushi. Iandike kwa herufi kubwa: PAS.

Anza na vifupisho kumi tu, na jioni ileile pitia notsi ukijaza palipokatwa mno. Baada ya wiki moja, pol. inaweza kuwa politique, police au pollution, na hutakumbuka ni ipi.

Niliandika jambo nikidhani ndio msimamo wa mhadhiri, kumbe alikuwa anaelekea kulipinga. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Inawezekana kabisa umepitwa na certes. Mhadhiri akianza na neno hilo, anakubali hoja ya upande mwingine kabla ya kuleta yake, kama sisi tunavyosema "ni kweli… lakini". Mfano: « Certes, l'impôt a augmenté, mais les recettes restent faibles. » Hoja yake ni mapato kuwa madogo, kodi kupanda ni utangulizi tu. Ukisikia certes, weka sehemu hiyo ndani ya mabano, kisha subiri mais, cependant au pourtant. Kitakachofuata hapo ndicho cha kupigia mstari.

Neno jingine la kuchunga ni or. Ni fupi, hupita bila kusikika, na wanaotoka shule zetu hulichukulia kama la Kiingereza wakaandika "au". Kwa Kifaransa linaleta ukweli mpya unaobadilisha mkondo wa hoja, na mara nyingi donc hufuata na hitimisho. Kwenye mtihani wa insha, mnyororo huo wa or na donc ndio unaotafutwa na msahihishaji.

Ratiba imeandikwa CM, TD na TP. Tofauti yake? (Tegeta)

CM ni cours magistral, mhadhara wa darasa zima. TD ni travaux dirigés, kundi dogo linalofanya mazoezi. Nenda ukiwa umeshayajaribu, na masahihisho uyaandike kwa wino wa rangi nyingine. TP ni travaux pratiques, kazi za vitendo, kwa mfano maabara.

Namba zinanimaliza, hasa miaka. (Temeke)

Kosa liko kwenye haraka ya kuandika. Ukisikia « mille neuf cent quatre-vingt » unaandika 1980, kisha linakuja « quatorze » na mwaka unakuwa 1994. Andika 19, halafu zuia kalamu mpaka namba iishe. Fanya hivyo pia kwa soixante, kwani soixante-seize ni 76. Burundi, Kongo na Ubelgiji utasikia septante kwa 70 na nonante kwa 90, jambo linalorahisisha kazi.

Penye fedha kuwa makini zaidi: bilioni yetu ni milliard, kifupi Md. Billion ya Kifaransa ni mara elfu moja ya hiyo. Na « douze virgule cinq » huandikwa 12,5, kwa mkato, si nukta.

Kwa mazoezi, mwenzako akusomee miaka ishirini mfululizo bila kurudia, wewe uandike. Angalia ni zipi unakosea. Kwa wengi huwa zile za kati ya 70 na 79, na kati ya 90 na 99.

Niandike kwa Kifaransa au nitafsiri Kiswahili hapohapo? (Ubungo)

Kifaransa. Ukitafsiri ukiwa unasikiliza, sentensi inayofuata inakupita, na mtihani utakutaka ujibu kwa Kifaransa. Fasili ziandike neno kwa neno. Mhadhiri hupunguza mwendo anapozitoa, na akisema « je répète » ujue anataka uzinakili. Acha pambizo ya sentimita tano upande wa kushoto, kisha jioni weka hapo Kiswahili cha maneno yaliyokusumbua tu.