Dawa ya unga ya mtoto na nyumba isiyo na friji

"Wakuu, mwanangu kapewa amoksisilini yenye klavulaniki, ile ya unga unaochanganya na maji. Tupo Muheza, friji hatuna, mchana joto kali. Itafika siku saba? Na siro ya parasetamoli niliyofungua mwezi jana bado inafaa?"

Ndugu, hiyo ya klavulaniki usiitegemee siku saba bila ubaridi. Saba za kwenye lebo ni za chupa inayokaa nyuzi 2 hadi 8. Amoksisilini yenyewe ina uvumilivu kiasi. Dhaifu ni klavulaniki: ikishaguswa na maji huanza kuvunjika, na joto huikimbiza. Mimi yangu niliiacha kwenye kabati la jikoni, Pangani. Siku ya tano ilikuwa imegeuka kahawia na sikio la mwanangu linatoa usaha upya, tukaanza dozi mwanzo. Rangi ikibadilika usimpe. Lakini isipobadilika usijipe moyo, nguvu hupungua kabla jicho halijaona kitu.

Kama bado hujachanganya, bahati yako, maana unga mkavu unasubiri. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie wazi kwamba friji huna. Kuna vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, kila dozi unaiyeyusha wakati wa kumpa, na hapo habari ya friji imekwisha. Akisema lazima iwe ya unga, omba chupa mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ya pili ichanganye ya kwanza ikiisha.

Kama umeshachanganya, usikatize dozi. Omba nafasi kwenye friji ya jirani, rafu ya kawaida, si kwenye barafu. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu.

Watu watakwambia mtungi. Nimeujaribu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga ulioloweshwa, chupa ndani ya mfuko uliofungwa, juu kitambaa kibichi. Nilipohamia Dodoma ulipoza vizuri. Pangani kipimajoto kilishuka kutoka 32 hadi 28 basi, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na maji hayakauki upesi, na kukauka huko ndiko kunakoleta ubaridi. Muheza naona mtakuwa karibu na sisi wa Pangani. Unafaa kuepusha joto la mchana, haufikii 8.

Siro ya parasetamoli ni habari nyingine. Hiyo imetoka kiwandani ikiwa maji tayari, ina kihifadhi. Mwezi mmoja tangu kufunguliwa kwa kawaida si tatizo ikiwa ilifungwa vizuri na kukaa kivulini, ila kama lebo imetaja muda mfupi zaidi, fuata lebo. Tarehe ya kwisha iliyo kwenye boksi ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ikiwa mtoto alinywea mdomoni mwa chupa, au imeota utando au kunuka uchachu, mwaga.