Dar au Dodoma kwa mshahara ule ule?

"Tupo Mbagala, watoto wawili. Nikikubali kazi ya Dodoma kwa mshahara ule ule, gharama za mwezi zitapungua?"

Zitapungua kidogo, ila si kwenye kodi ya nyumba. Nyumba nzuri za karibu na mjini zilipanda tangu serikali ihamie huku Dodoma. Sisi tulitoka Tabata, nafuu tukaipata kwenye nauli: kule nilipanda daladala nne kwa siku, hapa naenda kazini kwa miguu. Umeme nao umeshuka, maana usiku feni haiwashwi. Samaki wabichi ndio ghali. Kabla hujasaini, ulizia posho ya uhamisho. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.