Waraka kwa wanachama: kuchangia dirishani na kipindi cha kusubiri

Ukiwekwa kwenye dawati la wanachama la mfuko wa afya, moja ya kazi zako za mwanzo itakuwa kuandika waraka. Mambo mawili ndiyo huleta simu nyingi baadaye: fedha anayolipa mwanachama mwenyewe kila akitibiwa, na kipindi ambacho kadi ipo lakini fao bado halijafunguka. Mara nyingi masharti yenyewe si magumu. Kinachowachanganya watu ni maneno tunayoyachagua.

Anza na neno "kuchangia". Kwa mwanachama, mchango ni ile fedha inayokatwa kila mwezi. Mtumishi wa umma aliyezoea NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Tanzania, anajua asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Mtu mzima kidogo anakumbuka pia "uchangiaji" ulioingia kwenye hospitali za serikali mwaka 1993, yaani kulipia huduma iliyokuwa bure. Sasa ukimwandikia kwamba "mwanachama atachangia asilimia 10", atasoma kwamba makato yamepanda, au kwamba bima haifanyi kazi tena. Maana zote tatu zinaingia katika neno hilo moja. Kwa hiyo usiliache peke yake. Sema "mchango wa mwezi" kwa makato, na "malipo ya dirishani" kwa kile anachotoa siku ya matibabu, kisha shika majina hayo mawili mwanzo hadi mwisho. Usibadilishe ili kupendezesha insha. Hapa kurudia neno ni wema.

Halafu jibu swali ambalo mwanachama analo kweli: niende na shilingi ngapi mfukoni? Kiwango maalumu ni rahisi kueleza. Kama ni shilingi 5,000, taja kama ni kwa kila hudhurio au kwa kila huduma, maana mgonjwa anayemwona daktari Jumatatu na kurudi Jumatano kuchukua majibu ya maabara atataka kujua kama analipa mara moja au mara mbili. Asilimia ina mtego zaidi, kwa sababu lazima useme ni asilimia ya nini. Hospitali inaweza kuwa na bei yake kwa anayelipa taslimu, na bei nyingine iliyokubaliwa na mfuko. Andika wazi kwamba inakokotolewa kwenye bei ya mkataba, na umwambie mwanachama aombe risiti ya kile alicholipa.

Kinachosahaulika karibu kila mara ni mpangilio wa hesabu pale kikomo cha fao kinapokaribia kwisha. Chukua mwanachama aliyebakiza shilingi 100,000 kwenye fao la wagonjwa wa nje, na malipo ya dirishani ni asilimia 10. Bili imefika 180,000. Ukitoa asilimia 10 kwanza, yeye analipa 18,000, zinabaki 162,000, mfuko unatoa 100,000 na yeye anaongeza 62,000. Jumla yake ni 80,000. Ukitumia kikomo kwanza, asilimia 10 inatolewa kwenye zile 100,000, mfuko unalipa 90,000 na mwanachama 90,000. Bili ni ileile, kadi ni ileile, tofauti ni shilingi 10,000. Uliza idara ya madai wanatumia njia gani, kisha weka mfano huo kwenye waraka kwa tarakimu. Ukiuacha, karani wa hospitali moja atakokotoa hivi na wa nyingine vile, na lawama zitakuja kwako.

Kipindi cha kusubiri nacho kina matatizo yake. Kuna wanaodhani ni foleni ya mapokezi, na kuna wanaodhani ni siku za kungoja kadi ichapishwe. Hao wa pili ndio hufika hospitali na kadi mpya mkononi, wakarudishwa. Sema bila kuzunguka: "Kadi utakuwa nayo, lakini fao hili bado halijaanza." Sentensi moja ya sababu inatosha: kama mtu angeweza kujiunga siku anayougua na kutoka akipona, michango ya waliobaki isingetosha kulipa madai.

Kisha taja siku inayoanza kuhesabiwa. Fomu ilisainiwa tarehe moja, makato yakafanyika nyingine, fedha zikaingia kwenye mfuko nyingine, na kadi ikatoka nyingine kabisa. Chagua ile iliyo kwenye kanuni na uiandike. Usimwachie mwanachama kuhesabu, na usichanganye "siku 30" na "mwezi mmoja", kwa kuwa Februari itakuumbua. Mpe tarehe. Kwa mfano, mfuko wenye siku 30 kwa matibabu ya kawaida na miezi 10 kwa uzazi ungewaandikia hivi waliojiunga pamoja:

"Uanachama wako umeanza tarehe 1 Machi 2026. Matibabu ya kawaida: siku ya mwisho ya kusubiri ni tarehe 30 Machi, na utatumia kadi kuanzia tarehe 31 Machi 2026. Uzazi: utatumia kadi kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Kinachoangaliwa ni tarehe ya kulazwa kwa ajili ya kujifungua, si tarehe mimba ilipoingia. Ajali haina kipindi cha kusubiri."

Mstari wa uzazi unastahili uangalifu. Mimba huchukua takriban wiki 40, kwa hiyo miezi 10 imewekwa makusudi ili aliyejiunga akiwa tayari mjamzito ajifungue kabla fao halijafunguka. Ni habari chungu, na waraka unaoificha nyuma ya "kulingana na kanuni" unamfanya mama aijue akiwa wodini. Mwambie mapema ili ajiwekee akiba. Eleza pia kama mke au mume anayeandikishwa baadaye anaanza kuhesabiwa upya, na kama mchango ukikatika kipindi kinarudi mwanzo.

Jambo dogo la usiku: kwa wengi wa pwani, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Aliyelazwa usiku kwenye mpaka wa tarehe anaweza kubishana kwa haki. Andika "kuanzia saa 6:00 usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 31 Machi". Ongeza kwamba aliyelazwa kabla ya hapo na kuruhusiwa baadaye anahesabiwa kwa tarehe ya kuingia, kama kanuni zenu zinasema hivyo.

Kabla ya kutuma, mpe rasimu dereva na mhudumu wa ofisi, watu ambao hawakushiriki kuiandika. Usiwaulize kama wameelewa. Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Umeamka na homa tarehe 20 Machi, nani analipa? Ukiugua tarehe 5 Aprili na bili ikawa 40,000, unatoa ngapi?" Kama malipo ya dirishani ni asilimia 10, jibu sahihi la kwanza ni yeye mwenyewe, la pili ni 4,000. Akikosea, rekebisha sentensi, usimrekebishe yeye.

Nakala ya kwanza iende kwa makarani wa dirisha la bima kwenye hospitali za mkataba, siku kadhaa kabla ya wanachama. Na juu kabisa ya waraka weka tarehe na namba ya kumbukumbu ya waraka unaofutwa, kwa sababu ule wa zamani bado umebandikwa ukutani mahali fulani.