Posti ya mahafali: hesabu kwanza hizo "nili" zako

Mahafali yetu yalikuwa Desemba, hapa hapa Dodoma, na ile posti ya shukrani niliiandika usiku wa kuamkia siku yenyewe nikiwa geto Ng'ong'ona, joho limetundikwa nyuma ya mlango, bando ipo, nikaona kabisa hapa nimeandika kitu watu watalia. Bahati nzuri nikamtumia dada aipitie kwanza. Akakaa kimya kama dakika kumi hivi, mara ikaingia voisi: "Mdogo wangu, hii shukrani unamshukuru nani? Mbona kama unajishukuru mwenyewe."

Aisee iliniuma. Ila nikairudia taratibu, na ilikuwa hivi, naweka kipande tu: "Haikuwa rahisi. Nilitoka kijijini, nililala njaa, nilidharauliwa, nilipambana, na leo nimetunukiwa shahada yangu. Asante Mungu, asante wazazi, asante walimu wangu wote. Mliosema siwezi, mpo?"

Dada akaniambia nihesabu. Vitenzi vinavyoanza na "nili" na "nime" kwenye posti nzima nikapata kumi na moja, vya mtu mwingine kunifanyia kitu nikapata sifuri. Wazazi walionisomesha wamepewa neno moja, "asante", tena wamebanwa katikati ya Mungu na walimu kama abiria wa hiace ya Majengo. Halafu hao "mliosema siwezi" ndo wamepewa sentensi yao peke yao!

Basi kitu nilichojifunza ndo hiki. Chukua kila "nili" uliyoandika ujiulize hapo nyuma alikuwepo nani, halafu mpe yeye kitenzi. Nilipata ada, sawa, nani aliitoa? Nilimaliza utafiti, nani aliusahihisha? Kiswahili chenyewe kinakubeba hapa, maana hiyo "ni" ikikaa mbele wewe ndo staa wa sinema, ila ukiisogeza katikati, alinilipia, alinipokea, alinisahihishia, ghafla unakuwa mtu uliyefanyiwa na msomaji anamuona aliyefanya. Habari ya kwamba umehitimu haipotei, joho si linaonekana kwenye picha.

Kwa mama nilikuwa nimeandika "shujaa wangu, nguzo yangu", ambayo kila mtu anaandika siku hiyo, ukibadilisha picha ya mama hakuna atakayegundua. Nikafuta nikajiuliza, hivi huyu mama kafanya nini hasa? Mama yangu anauza karanga stendi ya Kibaigwa. Anaamka saa kumi usiku, anakaanga kwenye sufuria la mchanga, anapepeta, anafunga kwenye vifuko vya mia mbili mia mbili, kukipambazuka yuko barabarani, na basi la Dar likisimama anakimbilia dirishani beseni likiwa juu ya kichwa. Mkopo wangu haukugusa ada yote, ilikuwa inabaki laki nne kila mwaka, na mwaka wa kwanza nusu ya hiyo imetoka kwenye vile vifuko. Laki mbili gawanya kwa mia mbili ni vifuko elfu moja, na hapo hujatoa hela ya karanga wala mkaa. Hiyo namba niliipigia hesabu usiku ule ule kwa mara ya kwanza maishani mwangu, miaka mitatu nakula hela yake sijawahi kuigawanya.

Sasa angalia, ukianza kuandika vitu halisi namna hii unaingia kwenye mambo ya watu, na hapa wengi wanaharibu. Umaskini wa nyumbani si wako peke yako, baba naye yumo, wadogo zako wanaosoma shule ya kata pale pale nao wamo. Niliwaza kuandika kuna wiki tulikula mlenda bila ugali, nikaacha, kwa sababu hapo simshukuru mtu yeyote, najisifia shida tu. Kipimo changu kikawa kimoja: kama kitu kinaonyesha alichofanya mtu kinabaki, kama kinaonyesha nilivyoteseka kinatoka.

Na piga simu kuomba ruhusa. Kuna ndugu mmoja mwaka wa pili alinitumia laki moja na nusu nikiwa nimebakiza siku mbili nizuiwe mtihani, nikampigia kumwambia nataka nimtaje. Akashtuka: "We mtoto, ukinitaja huko kesho ukoo mzima uko mlangoni kwangu." Kweli kabisa, anao wapwa kama tisa. Hata hapa simtaji. Kwenye posti nikaandika "ndugu yangu ambaye amenikataza kumtaja, ile hela iliingia saa nne asubuhi na saa tano nilikuwa benki," akaisoma mwenyewe akanitumia vicheko, kaelewa.

Kwa mwalimu kuna mtego wake. Msimamizi wangu wa utafiti niliandika "bila wewe dokta nisingefaulu", dada akaniambia futa haraka, mtu akiisoma vibaya atadhani ulipendelewa, na jina la mwalimu ndo linachafuka si lako. Mshukuru kwa kazi aliyokutoa jasho. Wangu alinirudishia sura ya tatu mara tatu, ya mwisho kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "wakulima 60, umewapataje?" na sikuwa na jibu, ikabidi nirudi Kongwa kwenye orodha za vijiji nianze upya kuchagua watu. Wakati ule nilimchukia. Hicho ndo nikakiandika, na baadaye akanijibu neno moja tu, "Vizuri", ambalo kwa wanaomjua ni hotuba nzima.

Mengine kwa ufupi: jipiei usiiandike, anayetaka kuijua atakuuliza. Picha ya cheti usiweke, ina namba zako na matapeli wapo. Na wale "mliosema siwezi" wafute tu, mi nilipojaribu kuwataja kwa majina nikampata mmoja, naye alikuwa ananitania. Kingine, kwenye simu ile posti inakatika baada ya mistari michache mpaka mtu abonyeze kuendelea, kwa hiyo ukianza na "Hatimaye mimi" ndo hicho tu wengi watakachosoma. Mi nilimuweka mama mstari wa kwanza.

Ikawa hivi, naweka vipande tu: "Mama alifunga vifuko elfu moja vya karanga ili mimi nikae darasani mwaka wa kwanza. Leo joho nimemvalisha yeye. Baba alinisindikiza stendi na begi kichwani akakataa nimsaidie. Dokta alinirudisha Kongwa kwa kalamu nyekundu, na utafiti ukawa utafiti. Ndugu yangu usiyetaka kutajwa, shikamoo. Tumemaliza."

Mama hana simu ya kupangusa, kwa hiyo kabla sijaituma nikampigia nikamsomea. Akanyamaza, nikajua analia. Kumbe alikuwa anahesabu. "Elfu moja wapi," akasema, "si na msimu ule mvua ilinyesha zikaota ukungu nikamwaga debe zima nikaanza upya? Andika vizuri." Nikamwambia mama niandike ngapi sasa. Akasema subiri, akamuita baba waanze kubishana, na salio langu likakatikia hapo hapo.